Kosa la Tahajia Huangukia Mlangoni kwa Nani?

Jina la programu ya kusafirisha vifurushi husikika mara nyingi kabla ya kuonekana. Mwenye pikipiki hugonga mlango, hujitambulisha kwa jina la kampuni iliyomtuma, na aliyepokea mzigo, akiwa ameridhika, huishika simu baadaye na kuandika kile anachodhani alikisikia. Ndivyo ilivyo pia kwa programu za kuita gari: abiria humsikia mwenzake akisema amefika kwa kutumia fulani, naye akisimama barabarani jioni hiyo hufungua duka la programu na kulitafuta neno ambalo hajawahi kuliona limeandikwa. Duka halikumsikia yule aliyesema. Linasoma herufi tu, na kati ya sikio la mtu na kidole chake ndipo jina linapopona au kupotea.

Nimefanya kazi ya kuchagua majina ya programu kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu nilijipima kwa swali lisilo sahihi. Nilikuwa nikiuliza kama watu wataweza kuliandika jina bila kukosea. Siku hizi ninauliza jambo jingine: wakikosea, kosa lao litaangukia wapi? Kazi iliyonibadilisha ilikuwa ya programu ya vifurushi, na nitaieleza hapa hatua kwa hatua. Nimebadili majina yaliyokuwa mezani ili mwenye kazi asitambulike, lakini nimechagua maneno yenye tabia zilezile na matatizo yaleyale.

Mwenye biashara alikuja na jina tayari. Alitaka programu iitwe Fiksha, yaani kitenzi fikisha kilichopunguzwa irabu moja. Sababu zake zilikuwa za maana. Anwani ya tovuti ya neno kamili ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, na aliamini kwamba umbo lililofupishwa lingeonekana la kisasa na lingekuwa rahisi kusajiliwa kama alama ya biashara. Kwenye karatasi, jina lilipendeza. Nilimwomba tulipime kwa njia ninayoitumia kila mara, ambayo haihitaji chombo chochote isipokuwa simu na uvumilivu.

Kipimo chenyewe ni hiki. Unatafuta watu wapatao 20 ambao hawajui chochote kuhusu mradi, wenye umri na elimu tofauti, na kwa hakika uwe na wachache ambao kazi yao ni kupokea mizigo. Unampigia kila mmoja simu, kwa sababu sauti ya simu ina mikwaruzo inayofanana na kelele za barabarani, na unamwambia sentensi moja ya kawaida yenye jina ndani yake, mara moja tu. Kisha unamwomba afungue duka la programu kwenye simu yake mwenyewe, aandike jina, na akutumie picha ya skrini. Picha ni muhimu kuliko jibu la mdomo, kwa kuwa inaonyesha mambo matatu kwa pamoja: herufi alizoandika, neno ambalo kibodi yake ilimbadilishia bila yeye kujua, na matokeo ambayo duka lilimpa. Mtu akikuambia tu kwamba ameandika sawasawa, hujapata kitu, kwa maana hata yeye huenda hajaona kwamba kibodi imemsahihisha.

Fiksha ilianguka vibaya. Wengi waliandika fikisha, na ukifikiri kidogo utaona kwamba walifanya jambo la busara kabisa. Kiswahili huzipenda irabu, na sikio la msemaji wake linapokutana na konsonanti mbili zilizogongana huirudisha irabu iliyonyang'anywa. Wachache waliandika fixa au fixsha. Waliopata umbo lenyewe walikuwa wachache mno, na kati yao kuna ambao kibodi iliwarudisha kwenye fikisha kabla hawajabofya. Kwa hiyo kila tangazo la redio na kila mwenye pikipiki mlangoni angekuwa anawafundisha watu kuandika neno la kawaida ambalo programu yoyote ya usafirishaji inaweza kuwa nalo katika maelezo yake. Mwenye biashara angelipia gharama ya kulieneza neno, na matokeo yangegawanywa kwa wote.

Hapa nieleze kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwa programu mpya. Apple yenyewe inaeleza kwamba utafutaji katika App Store huangalia mwafaka wa maandishi, yaani jina, maneno ya utafutaji na kundi kuu la programu, pamoja na mwenendo wa watumiaji, yaani idadi ya upakuaji na wingi na ubora wa tathmini. Google Play nayo huchanganya mwafaka wa maandishi na dalili za ubora. Programu iliyozinduliwa jana haina upakuaji wala tathmini. Silaha yake pekee ni mwafaka wa maandishi, na mwafaka ulio imara kupita wote ni ule wa mtu kuandika jina lako hasa na duka kukosa programu nyingine yoyote ya kuonyesha. Herufi moja ikipotoka na kuangukia kwenye neno la kawaida, unarudi kwenye uwanja ambao wakongwe wana kila kitu na wewe huna chochote. Katika usafiri hali ni kali zaidi kuliko katika michezo au muziki, kwa sababu anayetafuta ana haraka na huduma zinafanana. Mwenye kifurushi mkononi akikutana na programu nyingine ya vifurushi juu ya orodha, ataipakua hiyo na hatalikumbuka jina lako tena.

Jina la pili lilikuwa langu, na ninakiri kwamba nililipenda. Nilipendekeza Njiwa. Ni neno ambalo kila msemaji analijua, lina herufi 5, na linabeba kumbukumbu ya ndege aliyepeleka barua tangu enzi za kale bila kuitaja huduma moja kwa moja. Wenzangu wawili walikuwa wamependekeza Kipanga, naye mwenye biashara akalikataa papo hapo kwa hoja ambayo sikuwa na la kujibu: kipanga hunyakua vifaranga, na hakuna mtu anayetaka kumkabidhi mzigo wake ndege wa kunyakua. Njiwa hakuwa na aibu hiyo. Hata nafasi ya jina ilimtosha kana kwamba ilipimwa kwa ajili yake. Maduka yote mawili huruhusu jina la herufi 30, nafasi na alama zikihesabiwa, na Njiwa: Tuma Mzigo na Kifurushi ni herufi 30 kamili. Jina la biashara linatangulia, kisha maneno matatu ambayo mtu asiyelijua jina angeyatumia kutafuta huduma: tuma, mzigo, kifurushi.

Tukapiga simu tena. Picha za skrini zilipoanza kuingia, niliona neno lilelile likijirudia: njia.

Sauti ya w katikati ya irabu i na a ni nyepesi mno. Ukisema njiwa haraka, na hasa kwenye simu, kilichobaki masikioni ni njia, na kwa kuwa sentensi ilihusu kusafirisha mizigo, akili ya msikilizaji ilikwisha kuandaa neno njia kabla hata hajalisikia. Waliosikia sawasawa nao hawakusalimika wote, kwani anayeandika kwa kidole kimoja akiiruka w anapata neno sahihi ambalo kibodi haina sababu ya kulitilia shaka, na ambalo duka halina sababu ya kulisahihisha. Neno njia ndani ya duka la programu ni mtaa uliojaa watu: ramani, ratiba za mabasi, mafunzo ya udereva. Kosa la mtumiaji wetu lingempeleka huko moja kwa moja, wala asingepata dalili kwamba amekosea.

Nilijaribu kulitetea jina kwa siku mbili. Nilisema kwamba matangazo yataonyesha picha ya ndege, na kwamba nembo itasaidia. Mwenye biashara alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Kaka, yule anayemsikia kijana wangu mlangoni, picha ya ndege ataiona wapi?" Niliacha.

Jina la tatu halikumsisimua mtu yeyote tulipoliandika ubaoni. Lilikuwa Tarishi. Ni neno la zamani kidogo, la mtu aliyebeba barua na nyaraka kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kijana mmoja katika kikao alisema linanuka makabati ya faili. Tulilipima kwa sababu lilikuwa kwenye orodha, si kwa sababu ya matumaini.

Makosa hayakukosekana. Baadhi ya watu waliandika talishi, kwa kuwa r na l hubadilishana katika vinywa na masikio ya wasemaji wengi, na hilo halina uhusiano na werevu wa mtu. Wengine waliandika tarish bila irabu ya mwisho, na mmoja taarishi. Ukihesabu makosa peke yake, Tarishi halikuwa bora sana kuliko Njiwa. Lakini tulipotazama picha za skrini, tofauti ilikuwa kubwa. Talishi si neno. Tarish si neno la Kiswahili ambalo mtu angelitafuta dukani. Aliyeandika hivyo alifika mahali pasipo na mtu, na orodha aliyoletewa ilikuwa ya vitu visivyohusiana kabisa, kiasi kwamba alijua papo hapo kuwa amekosea. Mahali pasipo na mtu panaweza kumilikiwa. Mtaa uliojaa hauwezi.

Kumiliki mahali hapo kuna njia tofauti kwa kila duka. Katika App Store, mbali na jina la herufi 30, kuna kichwa kidogo cha herufi 30 kinachoonekana chini ya jina, na uga wa maneno ya utafutaji wenye nafasi ya herufi 100 ambao mtumiaji hauoni kabisa. Maneno yaliyomo hutenganishwa kwa mkato bila nafasi, kwa kuwa nafasi nayo huhesabiwa, na neno lililokwisha kutumika katika jina au kichwa kidogo halina haja ya kurudiwa. Huko ndiko tulikoweka makosa mawili yaliyojitokeza zaidi, pamoja na majina mengine ya huduma:

```
talishi,tarish,parseli,barua,nyaraka,pikipiki,usafirishaji,peleka,pokea
```

Hiyo haifiki herufi 80, na sikuona sababu ya kuijaza iliyobaki. Majina ya washindani hayaruhusiwi katika uga huo, na hata yangeruhusiwa nisingeyaweka. Google Play haina uga wa siri wa namna hiyo. Inasoma jina, maelezo mafupi ya herufi 80 na maelezo marefu ya hadi herufi 4,000, na sera yake inakataza kurundika maneno ya utafutaji yasiyo na mpangilio, kwa hiyo huwezi kuandika orodha ya makosa mwishoni mwa maelezo. Huko unategemea duka lenyewe lijifunze kwamba wanaoandika talishi huishia kuipakua Tarishi, na hilo linawezekana tu ikiwa talishi halina mwenyewe mwingine anayezipokea hatua hizo za watumiaji.

Jina kamili la dukani likawa Tarishi: Tuma Mzigo, Kifurushi, ambalo nalo ni herufi 30. Mkato ule ulinikera kidogo, kwa maana sentensi haikusomeka vizuri kama ilivyosomeka na Njiwa, lakini neno na lenye nafasi yake lingetuvusha mpaka herufi 32.

Kuna watakaouliza kwa nini neno mzigo lisiwe ndani ya jina lenyewe, badala ya kufuata nyuma ya nukta mbili. Historia ya sekta hii ina jibu. Uber ilianza ikiitwa UberCab, na mwaka 2010 ililiacha neno la pili baada ya mamlaka za San Francisco kuiandikia barua ya kuitaka isimame, kwa kuwa ilijinadi kama teksi bila kuwa na kibali cha teksi. GrabTaxi ikawa Grab mwaka 2016. Taxify ikawa Bolt mwaka 2019, wakati huduma zake zilipokuwa zimepita mipaka ya teksi. Neno la kundi likiwa nyuma ya nukta mbili, unalibadilisha kwa kuhariri maandishi ya dukani, na mtumiaji hatagundua. Likiwa ndani ya jina, kulitoa ni kulihama jina ambalo watu wamelizoea kulitafuta, na kuanza upya kuwafundisha.

Tena kuna sehemu moja ya jina ambayo haihami kamwe. Kila programu ya Android ina kitambulisho ambacho, baada ya kuchapishwa Google Play, hakiwezi kubadilishwa. Vitambulisho vya programu za abiria za kampuni hizo tatu ni hivi:

```
com.ubercab
com.grabtaxi.passenger
ee.mtakso.client
```

Majina yaliyoachwa bado yamo humo. Hicho cha mwisho ni cha Bolt, na mtakso ni jina la zamani kuliko hata Taxify. Mtumiaji wa kawaida hatazami kitambulisho, ingawa kinaonekana katika anwani ya ukurasa wa programu kwenye kivinjari, na aliyepata kiungo kwa ujumbe anaweza kushtuka akikutana na jina asilolijua. Kwa mradi wetu nilipendekeza kitambulisho kibebe jina la kampuni iliyosajiliwa na wala si jina la programu, ili siku Tarishi likibadilika pasibaki mzimu wake. Mhandisi alikubali bila ubishi, na hilo lilikuwa jambo la haraka kuliko yote katika kazi ile.

Lililochukua muda ni programu ya pili. Huduma za aina hii huwa na programu mbili, moja ya mteja na moja ya anayebeba, na zote mbili hujitokeza mtu anapoandika jina lilelile. Mteja akipakua ile ya madereva ataombwa leseni ya udereva na picha ya chombo, atakasirika, ataacha nyota moja na kuondoka. Pendekezo la kwanza lilikuwa Tarishi Msafirishaji. Lilikuwa Kiswahili sahihi, na dukani lingesomeka vizuri. Lakini chini ya ikoni kwenye skrini ya simu, na katika orodha finyu za matokeo, maneno marefu hukatwa. Tulipoliweka kwenye simu kadhaa lilibaki Tarishi Msa na nukta tatu, na katika simu moja yenye skrini pana kidogo likafika Tarishi Msafiri. Msafiri na msafirishaji ni watu wawili wanaosimama pande tofauti za biashara hii, na herufi zao 7 za mwanzo ni zilezile. Katika programu ya kuita gari kosa hilo lingekuwa baya zaidi, kwa kuwa msafiri ndiye abiria hasa.

Tukatenganisha majina mawili ambayo watu wengi hudhani ni moja. Jina la dukani huandikwa katika taarifa za duka, ilhali jina la chini ya ikoni limo ndani ya programu yenyewe, na si lazima yafanane neno kwa neno. Dukani tukaandika Tarishi kwa Madereva, ili mtu anayetafuta jina alione likitangulia. Chini ya ikoni tukaligeuza likawa Dereva Tarishi, ili hata likikatwa, neno linalobaki liwe lile linalotofautisha. Ikoni ya madereva ikapewa rangi iliyogeuzwa, kwa sababu kuna wateja ambao hawasomi kabisa na hubofya picha ya kwanza wanayoitambua.

Kuhusu usajili nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni kazi ya wakili. Alama ya biashara ya huduma kama hii huombwa angalau katika daraja la 39 la mfumo wa Nice, ule wa kimataifa wa kugawa bidhaa na huduma katika madaraja, linalohusu usafirishaji, na daraja la 9, linalohusu programu zinazopakuliwa. Neno linaloeleza huduma moja kwa moja hupata ulinzi dhaifu au hukataliwa, na wakili wetu alionya kwamba Tarishi linaukaribia mpaka huo, kwani ni jina la kazi ya kupeleka nyaraka. Aliomba alama ya neno pamoja na nembo. Onyo lake lilikuwa la haki, nami sikulipuuza. App Store hudai jina lisifanane kabisa na lililokwisha kuwepo, lakini Google Play hukubali programu mbili zenye jina moja, na siku mwigaji atakapojitokeza, cheti cha usajili ndicho kitakachokuwa msingi wa malalamiko. Kati ya udhaifu huo na mtaa uliojaa wa njia, mwenye biashara alichagua udhaifu ambao ungeweza kushughulikiwa kwa hati.

Wiki kadhaa baada ya uzinduzi tulifungua Play Console, ukumbi wa Google ambamo wenye programu huzisimamia, tukatazama ripoti inayoonyesha maneno ambayo watu waliyatumia kabla ya kuufikia ukurasa wa programu. Nilikuwa nimeomba tuisome pamoja. Juu kabisa lilikuwa jina lenyewe, na chini yake tuma mzigo. Kisha likaja talishi, na waliolitumia walikuwa wameipakua programu kwa kiwango kilichokaribiana sana na cha walioandika kwa r. Mwenye biashara aliweka kidole juu ya mstari huo kwenye skrini, akaniuliza kama inafaa kununua anwani ya tovuti yenye tahajia hiyo pia. Nilimwambia inafaa, na akaagiza inunuliwe siku hiyohiyo.